Mshipa wa 60% ulioachwa bila stenti

"Mzee kawekewa stenti kwenye mshipa wa moyo uliobana 80%, ule wa 60% wameuacha. Wamesahau?"

Hapana, 60% ni ya katikati. Picha ya eksirei ya mishipa ni kivuli cha dawa iliyoingizwa humo tu. Hapa kazini madaktari wawili huikadiria tofauti. Ndiyo maana hupitishwa waya mwembamba wa kupima presha. Tafuta FFR, yaani kipimo cha waya huo, kwenye ripoti. Ikisoma 0.86, presha ng'ambo ya palipobana bado ni 86% ya ile ya kabla yake: damu inapita ya kutosha, aendelee na vidonge. Ikiwa 0.80 au chini, ndipo stenti hujadiliwa. Anayesema "chini ya 70% haina neno" kapatia nusu: shina la kushoto, mshipa mkuu wa moyo upande huo, huhesabiwa zito kuanzia 50%. Kama alifika na shambulio la moyo, hesabu nyingine hiyo.