Nilichora tambi zangu nikiwa nimekaa kwenye kiti, nikaumbuka

Juzi msomaji mmoja kaniandikia, anafanya kazi kwenye kliniki, anasema kaka nimechora ule mchoro wa spageti unaousemaga, nimeubandika ukutani ofisini, wiki ya tatu sasa hakuna kilichobadilika, wagonjwa wanazunguka vilevile. Akanitumia na picha. Nilivyoiona tu nikacheka peke yangu, sio kumcheka yeye, najicheka mimi, maana mistari yake imenyooka kama imepigwa rula. Mgonjwa anatoka mapokezi anaenda kwa keshia, anaenda kupimwa presha, anaingia kwa daktari, maabara, anarudi kwa daktari, dawa, nyumbani. Safi kabisa. Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa hivyohivyo, na ulinitia aibu mbele ya watu.

Kwa ambaye hajawahi kuuona, mchoro wa spageti ni ramani ya jengo lako kwenye karatasi, halafu unafuata mtu anavyotembea na unamchorea mstari bila kunyanyua kalamu, kila anapoenda, hata akipotea njia. Ukimaliza watu kadhaa karatasi inafanana na sahani ya tambi, ndio jina lilikotoka. Unakuonyesha vitu viwili: watu wanatembea umbali gani, na njia zao zinakatana wapi.

Mimi wa kwanza niliuchora ofisini na wenzangu wawili, chai mkononi, tunakumbushana tu "akitoka hapa anaenda pale". Jengo letu lilikuwa korido moja ndefu ya mita 40, mlango upande mmoja, maabara mwisho kabisa upande wa pili. Nikapima kwenye ramani nikapata mita 132 kwa mgonjwa anayehitaji vipimo, nikaenda kikaoni kifua mbele nikasema tuhamishe maabara, tubomoe ukuta. Inchaji akaangalia ile karatasi kama sekunde tano hivi, akasema mbele ya wote, "Huu ni mchoro wa unavyotaka wewe watembee." Watu wakacheka. Sikupenda, na nikikumbuka hadi leo bado inauma kidogo, ila alikuwa sahihi asilimia mia.

Basi jumatatu iliyofuata asubuhi, muda ule wa msongamano wenyewe, nikachukua ubao wa kushikia karatasi, nakala kumi na mbili za ramani na penseli za rangi, nikakaa mlangoni. Karatasi moja kwa mgonjwa mmoja, hilo lishike, ukiwachora wote kwenye karatasi moja kuanzia mwanzo utashindwa kujua nani kaenda wapi. Jina siandiki, naandika namba tu na saa aliyoingia, namwomba ruhusa kwamba nitamfuata kwa nyuma na sitaingia naye kwa daktari. Umbali nilihesabu kwa hatua, nilishapima hatua yangu na futi kamba ikawa kama sentimita 70, ukizidisha unapata mita bila kutembea na vifaa vya kutisha watu.

Mgonjwa wa nne alikuwa mama mtu mzima, magoti yanamsumbua, anatembea huku anashika ukuta. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii. Mapokezi iko mita 4 kutoka mlangoni, keshia mita 6, akalipa, akaambiwa nenda kapime presha na uzito, chumba kiko mita 30 ndani, kwa hiyo akapita mlango wa daktari akaenda mbele, kisha akarudi nyuma kwa daktari aliye mita 16. Daktari akamwandikia vipimo, akarudi kwa keshia kulipia, akaenda maabara mita 38. Hadi hapo mchoro wangu wa ofisini ulikuwa sawa. Halafu wakampa kopo la mkojo.

Choo cha wagonjwa kiko pale mlangoni. Yule mama akatoka mwisho wa korido na kopo tupu mkononi, akatembea mita 38 mbele ya mabenchi yote, akaingia chooni, akatoka, akarudi mita 38 na kopo limejaa, kalifunika na kitenge, macho chini, mkono mmoja ukutani. Mita 76. Kwenye mchoro wetu wa chai hakuna aliyekumbuka kwamba mkojo unatoka mahali.

Haijaisha. Akaambiwa subiri majibu kwa daktari, akaenda akakaa, alipoitwa daktari akamwuliza majibu yako wapi mama? Hana. Akarudi maabara kufuata karatasi, akaja tena, mita 44 nyingine kwenda na kurudi. Kisha keshia tena kulipia dawa, dirisha la dawa mita 10, akatoka. Nilipojumlisha nilipata mita 252. Mimi nilisema 132. Yaani karibu nusu ya mwendo wa yule mama haikuwepo kabisa kwenye karatasi niliyoipeleka kikaoni nikitaka tubomoe ukuta!

Kwa hiyo wewe msomaji wangu, na wengine mnaonitumia michoro iliyonyooka, utaratibu ulioandikwa sio mwendo wa mtu. Ukiona mchoro wako hauna mstari hata mmoja unaorudi nyuma bila sababu, hujamfuata mtu, umechora kichwani. Mfuate mtu. Nitalirudia hili hadi mchoke.

Sasa njia kukatana, hapa ndipo wengi wanapapita haraka. Wagonjwa wa kikohozi walikuwa na benchi lao katikati ya korido, kama mita 24 kutoka mlangoni, kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi, hakuna aliyefikiria zaidi ya hapo. Nilichukua zile karatasi kumi na mbili nikawa nazibandika chache chache, moja juu ya nyingine, kwenye kioo cha dirisha mwanga upite, wenye kikohozi niliwachora kwa nyekundu na wengine kwa bluu. Halafu nikahesabu mstari wa yule mama unapita mbele ya benchi la wekundu mara ngapi. Kwenda kupima presha, moja. Kurudi, mbili. Kwenda maabara, tatu. Chooni kwenda na kurudi, nne na tano. Kwenda kwa daktari, sita. Kufuata majibu na kurudi, saba na nane. Mara nane mtu aliyekuja na magoti anapita mbele ya watu wanaokohoa, kwenye korido ambayo watu wawili wakipishana mabega yanagusana. Mita nilizoea kuzisema, ila hiyo nane ndiyo iliyomnyamazisha inchaji.

Hatukubomoa kitu. Chumba cha presha kilibadilishana na stoo iliyokuwa mita 8, hiyo peke yake ikaokoa mita 28. Majibu yakawa yanapelekwa kwa daktari na mhudumu wa maabara kwa mafungu, mgonjwa anakaa tu, mita 44 zikafutika. Na choo cha wafanyakazi kilichokuwa pembeni ya maabara, mita 36, kilichofungwa kwa kufuli miaka yote, kikafunguliwa kwa wagonjwa wa vipimo. Mita 76 zikawa 4. Fanya hesabu mwenyewe, kutoka 252 tukafika 108, na nusu ya akiba yote imetokana na ufunguo wa choo, wala si ule ukuta wangu. Kupita mbele ya benchi la kikohozi kukashuka kutoka nane hadi mbili, halafu benchi lenyewe tukalitoa nje chini ya paa la pembeni, penye hewa, na wenye kikohozi wakawa wanaitwa kwa mlango wa kando, hizo mbili nazo zikaisha.

Vita kubwa ilikuwa hicho choo, sitawadanganya. Kuna watu hawakunisalimia wiki nzima. Nilichofanya ni kuweka karatasi ya yule mama mezani chumba cha chai, bila maneno, mstari wake wa kopo nimeukoleza mara mbili. Siku mbili baadaye mmoja wa waliokuwa wamenuna ndiye aliyeleta ufunguo.

Na tulikosea pia, lazima niseme. Siku ya kwanza baada ya kuhamisha presha karibu na mlango, keshia, presha na dirisha la dawa vyote vikawa ndani ya mita nne, foleni tatu zikajazana sehemu moja, mtu akitaka kutoka anasukumana na anayeingia. Mita zimepungua ila watu wamegandana. Mchoro wa mgonjwa mmoja mmoja haukukuonyesha hilo, unaonyesha mstari, hauonyeshi mtu aliyesimama dakika ishirini juu ya mstari huo. Tukageuza foleni ya presha ikae ndani kuelekea kwa daktari badala ya kuelekea mlangoni, ikatulia. Ndio maana baada ya kubadilisha unachora tena, na watu wengine kumi na mbili, siku yenye msongamano uleule, sio ijumaa mchana wakati kliniki imepoa halafu ujisifu.

Jingine, usiende kumwahidi bosi wako kwamba mgonjwa atawahi nyumbani. Mita 144 kwa mtu mzima wa afya ni kama dakika mbili za kutembea, na wagonjwa wetu walikuwa wanakaa karibu saa tatu, hizo saa wanazimaliza kwenye benchi. Mchoro huu hautibu kusubiri, ukitaka kusubiri andika saa ya kuingia na kutoka kila chumba, hiyo ni kazi nyingine. Tulichopata sisi ni kwamba mlango wa daktari ulitulia, kwa sababu zamani kila anayefuata majibu alirudi akachungulia "daktari ni mimi nilikuwa nimeenda tu maabara", foleni inavurugika, watu wanagombana. Hilo sikulitegemea kabisa, limetokana na ile mistari ya kurudi kufutika.

Kwa hiyo ndugu yangu bandua hiyo karatasi ukutani. Jumatatu kaa mlangoni, mfuate wa kwanza anayepewa kopo, na kila anapogeuka nyuma andika pembeni ya mstari kwa neno moja kwanini kageuka: "karatasi", "choo", "kapotea", "malipo". Hayo maneno ndiyo utakayoyapeleka kikaoni, na hapo hakuna wa kukwambia umechora unavyotaka wewe.

Mwezi uliopita nilipita pale kusalimia. Nikiwa mapokezi nikamwona kijana anakuja kutoka mwisho wa korido, kopo mkononi, anauliza choo kiko wapi. Nikaenda maabara kuuliza vipi tena, wakaniambia mwenye ufunguo yuko likizo, kaondoka nao. Nikaenda kuchonga mwingine mchana uleule, nikaupigia msumari wake pembeni ya mlango wa maabara.