Hotuba ya kikundi cha kununua kwa jumla: hesabu ya sukari kwanza

Swali: Mimi ni mwenyekiti wa kitongoji. Mkutano mkuu wa kijiji umenipa dakika kumi nipendekeze kikundi cha kununua bidhaa kwa jumla na kugawana faida. Niseme nini ili watu wanielewe, na wakiuliza faida itagawanywaje nijibu vipi?

Jibu: Ndugu mwenyekiti, chagua bidhaa moja tu inayoingia kila nyumba na isiyooza, halafu ipigie hesabu mbele yao. Mimi ningechukua sukari. Nenda nayo mkutanoni ikiwa kwenye mfuko, iweke mezani waione.

Tuseme duka la kijijini linauza kilo shilingi 3,000, na mjini mfuko wa kilo 50 ni 130,000, yaani 2,600 kwa kilo. Wasemaji wengi huishia hapo: "Tunaokoa 400 kila kilo!" Hapo ndipo vikundi vinapoanza kufa, kwa sababu mwezi wa kwanza ile 400 haionekani na watu wanadhani mhazini ameila. Taja gharama zote. Mifuko 10 ni 1,300,000. Gari 40,000. Vifungashio 10,000, yaani 1,000 kwa kila mfuko. Kila mfuko unapopimwa kidogo kidogo hupungua, weka kilo moja, kwa hiyo mtauza kilo 490 na siyo 500. Mkiuza kwa bei ile ile ya dukani mnapata 1,470,000, na ziada ni 120,000. Halafu waambie na upande wa pili: mkinunua mifuko miwili tu, gari bado ni 40,000, na mnapata hasara ya 8,000. Kwa bei hizi msiagize chini ya mifuko mitano. Bei za kwenu uliza mwenyewe juma la mkutano.

Nasisitiza kuuza kwa bei ya dukani kwa sababu tofauti ile ndiyo inayobeba upungufu wa mizani na bei inayopanda ghafla. Wafanyakazi 28 wa Rochdale, Uingereza, walipofungua duka lao mwaka 1844, waliuza kwa bei ya kawaida, kwa fedha taslimu, kisha ziada wakairudisha kwa kila mwanachama kadiri alivyonunua. Nanyi gawaneni hivyo hivyo. Kwa hesabu yetu, kila shilingi 1,000 aliyonunua mtu inamrudishia kama shilingi 82. Aliyechukua kilo 10 anapata takriban 2,450, na mama ntilie aliyechukua kilo 40 anapata kama 9,800. Mkigawana sawa kwa sawa watu 60, kila mmoja atapata 2,000, na mama ntilie ataondoka. Akiondoka yeye, hamjazi tena gari.

Mtu wa robo kilo kwa siku hana 15,000 ya kulipia kilo tano kwa mkupuo, na huyo ndiye anayeumia zaidi na bei. Mtengenezee kadi yenye vyumba vya shilingi 1,000. Kila akileta, mhazini anatia saini, na kadi ikijaa anaingia kwenye agizo linalofuata. Usimkopeshe. Mangi wa dukani anakopesha kutoka mfukoni mwake, lakini kikundi kikikopesha kinatoa hela ya jirani. Liseme hili wazi kwenye hotuba, na umtembelee Mangi kabla ya mkutano ili asilisikie kwa watu.

Wazee watakukumbusha Operesheni Maduka ya mwaka 1976, maduka ya watu binafsi yalipofungwa ili kupisha ya vijiji, na bidhaa zikaadimika. Usilikwepe. Unaweza kusema hivi:

"Wazee wangu, shikamooni. Mwaka ule duka lilifungwa kwa amri. Leo hatufungi duka la mtu, wala hatujengi la kwetu. Tunaagiza sukari iliyokwisha kulipiwa, inafika Jumamosi, inagawanywa siku hiyo hiyo, ghala hatuna. Fedha zitakusanywa Alhamisi na Ijumaa tu, na alfajiri ya Jumamosi wanakwenda wanunuzi wawili wasio wa ukoo mmoja. Risiti itabandikwa ubao wa ofisi ya kijiji. Kila mfuko utawekwa kwenye mizani mbele yenu kabla haujafunguliwa."

Hilo la mizani litekelezwe kweli. Mfuko ukisoma kilo 48 na hakuna aliyeandika, lawama yote itamwangukia mgawaji.

Ukimaliza, usiombe wanyoshe mikono. Fungua daftari, andika jina, kilo anazotaka, na malipo ya mwanzo hata kama ni 2,000, na umpe kila mtu karatasi yenye saini. Zikifika kilo 245, hiyo ni mifuko mitano, agizeni. Zikiwa 150, rudisha fedha siku hiyo hiyo na uwatangazie ni kilo ngapi zimepungua.