Barua kwa mwanangu: kuhusu ziyara ya Habib Swaleh, sharifu wa Lamu

"Baba, wenzangu wa msikiti wa huku wananiambia kwenda kaburini kwa Habib Swaleh kuomba baraka ni shirki. Nawe umetupeleka tangu utoto wetu. Niwajibu nini?"

Mwanangu mpenzi,

Usiwajibu kwa hasira, kwa sababu wana hoja. Mtume (s.a.w.) aliwalaani waliofanya makaburi ya manabii wao kuwa misikiti. Tena wanaisoma Az-Zumar, aya ya 3, ambapo washirikina wanajitetea kuwa hawaiabudu miungu yao ila iwakurubishe kwa Mwenyezi Mungu. Wakituona tumelizunguka kaburi, aya hiyo ndiyo inayowajia. Na usidhani maneno haya yameletwa na wageni tu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mshafii wa Mombasa, aliyaandika kwa Kiswahili katika gazeti lake la Al-Islah mwaka wa 1932.

Kuzuru kwenyewe hakuna ugomvi. Mtume kwanza alikataza kuzuru, kisha akaamrisha kwa kuwa kunakumbusha akhera. Ugomvi uko kwenye ulimi ukishafika pale.

Nitakueleza jambo ambalo sijakwambia. Usiku ule mama yako alipokuwa na uchungu wako, siku ya pili na hujazaliwa, nilikimbilia makaburini. Nikalishika kaburi nikalia, "Ewe Habib, niokolee mke wangu!" Mzee mmoja aliyekuwa akisoma Yasini akanishika mkono. Akaniambia: watolee salamu maiti, soma Fatiha, umwombee yeye rehema, halafu elekea kibla useme, "Ewe Mola, kwa jaha ya mja wako huyu mwema, mwokoe mke wangu." Habib ni maiti anayehitaji dua yako, akasema, anayeokoa ni Mungu.

Tangu siku hiyo naomba hivyo. Hiyo ndiyo tawasuli, na masharifu wa Riyadha, msikiti wake Habib, hawakutufundisha nyingine. Lakini wenzako wataikataa hata hiyo. Watakwambia wakati wa ukame Sayyidna Umar aliomba mvua kwa kupitia Abbas, ami yake Mtume, aliyekuwa hai, wala hakwenda kaburini kwa Mtume. Sisi kisa hichohicho tunakisoma kuwa kumtaja mja mwema katika dua kunafaa, na kwamba Umar kumchagua aliye hai hakuharamishi kumtaja aliyekufa. Hapo maulamaa wamekhitilafiana kweli, nami siwezi kukudanganya kuwa wamekubaliana.

Ninachokataa ni kumwita mtu mshirikina kabla ya kusikia anaomba nini na anamwomba nani. Na ninakataa vilevile kunyamaza tunapomsikia mmoja wetu akisema "Habib, nipe mtoto." Huyo tumwendee kama nilivyoendewa mimi, kwa upole, palepale.

Mfungo Sita ukija nitakwenda tena makaburini siku ya zefe ya Maulidi. Ukiwa Lamu tufuatane. Moyo wako ukisita, nisubiri Riyadha, nitakukuta hapo.

Baba yako