Ninavyosoma wasifu wa mtunza kumbukumbu

"Wakuu, habari za jioni. Niko utumishi kwenye hospitali ya binafsi hapa Mwanza. Tumetangaza nafasi moja ya Mtunza Kumbukumbu na tumepokea maombi 43. Tangazo linataka ujuzi wa mifumo ya kupanga majalada, uhifadhi wa nyaraka na utunzaji wa siri. Karibu wote wameandika maneno hayo hayo. Nawachujaje wakati mimi masjala siijui?"

Mkuu, nimefanya kazi masjala miaka 16, mingi kati ya hiyo kwenye majalada ya wagonjwa hapa hapa Mwanza, na nimeshirikishwa kuchuja maombi mara kadhaa. Maneno yanafanana kwa sababu waombaji wameyanakili kwenye matangazo. "Kudhibiti upokeaji na uandikishaji wa kumbukumbu", "kupanga kumbukumbu katika reki na makabati": hizo zipo kwenye tangazo la kada hii kila mwaka. Ziruke. Tafuta sentensi inayoeleza huyu mtu alilifanya nini jalada.

Nikupe mfano wa mara ya mwisho. Tulibaki na wasifu wawili mezani. Wa kwanza alikuwa na kurasa nne, vyeti vya semina vingi, na mstari uliosema ana "uzoefu mkubwa wa mifumo ya kisasa ya kumbukumbu ikiwemo GoTHoMIS", ule mfumo wa kompyuta wa hospitali za serikali. Wa pili alikuwa na ukurasa mmoja na nusu. Aliandika: "Nilipanga majalada ya wagonjwa kwa tarakimu za mwisho, sehemu 100, na kuweka kadi mahali pa kila jalada lililotoka."

Huo mstari mmoja una kazi nzima ndani yake. Chukua mgonjwa mwenye namba 04-37-52. Kwa mfumo huo namba inasomwa kutoka nyuma: karani anakwenda sehemu ya 52, ndani yake anatafuta 37, halafu 04. Faida yake ni kwamba majalada mapya yanasambaa kwenye sehemu zote, kuanzia 00 hadi 99. Ukipanga kwa mfululizo wa kawaida, mapya yote yanarundikana reki ya mwisho, makarani wanabanana hapo hapo, na kila baada ya muda mnahamisha reki nzima kutafuta nafasi. Na ile kadi inayobaki kwenye pengo inaeleza jalada limechukuliwa na nani, limekwenda kliniki gani na lini. Mtu asiyewahi kufanya kazi hiyo hawezi kuikumbuka hiyo kadi anapoandika wasifu.

Yule wa kwanza tulimpigia simu kumuuliza GoTHoMIS aliitumiaje. Alikuwa mapokezi, akisajili wagonjwa. Ni kazi ya halali kabisa, ila siyo tuliyoitangaza. Kwenye kompyuta mimi hutafuta jambo moja: kama mwombaji amewahi kushughulika na mgonjwa mwenye namba mbili. Mtu anapoteza kadi, anarudi, anasajiliwa upya, na sasa historia yake imekatika vipande viwili. Mzio wa dawa uko kwenye jalada ambalo daktari halioni. Aliyeandika kwamba alikuwa akitafuta namba pacha na kuziunganisha, mweke juu ya rundo. (Kwa nafasi ya mkutubi ni vivyo hivyo. Wengi huandika Koha, programu ya maktaba, kumbe waliazimisha na kupokea vitabu tu. Aliyeorodhesha vitabu atataja rekodi za MARC na namba za Dewey bila kuulizwa.)

Usimwache pia aliyetoka serikalini bila kumsoma vizuri. Yeye atazungumzia majalada ya somo, majalada binafsi, folio, dokezo sabili. Majalada ya wagonjwa huenda hajayagusa, lakini nidhamu ya kujua jalada liko meza ya nani anayo, na tarakimu za mwisho anajifunza ndani ya wiki chache.

Kwenye uhifadhi naomba unisikilize sana, maana niliumia. Kuna mahali niliwahi kumpendekeza kijana aliyeandika kwamba "aliondoa mlundikano wa majalada ya zamani ndani ya wiki mbili". Tulifurahi. Kwetu naye akafanya vile vile: akafunga majalada kwenye maboksi 60 na kuyapeleka stoo, chumba kikawa kinapumua. Hakuandika orodha. Miezi michache baadaye ikaja familia iliyohitaji taarifa za matibabu ya baba yao kwa ajili ya madai, na tulifungua boksi moja baada ya jingine kwa siku tisa. Yale ya chini, yaliyowekwa sakafuni, yalikuwa yameshika unyevu na ukungu, kurasa zimegandana. Stoo ile ilikuwa karibu na ziwa na mvua zilikuwa zimekolea. Hadi leo nakumbuka sura ya yule mama aliyekuwa akitusubiri kwenye benchi.

Tangu hapo, nikiona neno "niliondoa" au "nilipunguza", natafuta vitu viwili karibu yake. Cha kwanza ni orodha: boksi namba ngapi lina majalada gani, ya kuanzia lini hadi lini. Cha pili ni idhini. Majalada hayateketezwi kwa sababu yamechakaa au chumba kimejaa. Kuna jedwali la muda wa kutunza, na kwa majalada ya wagonjwa muda huhesabiwa tangu mgonjwa alipohudumiwa mara ya mwisho, siyo tangu jalada lilipofunguliwa. Kwa taasisi za umma, Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya 2002 hairuhusu mtu kuteketeza kwa uamuzi wake. Kwa hiyo "nilichoma majalada chakavu" ni sababu ya kumhoji kwa kina, na "niliandaa orodha ya kuteketezwa, ikaidhinishwa, nikahifadhi hati ya uteketezaji" ni dalili ya mtu anayejua kazi. Yule wetu wa pili aliandika kwamba maboksi yake aliyaweka juu ya mbao, mbali na ukuta. Nilijua ameshaona unyevu.

Siri haithibitishwi na neno "mwaminifu". Itazame kwenye wasifu wenyewe. Wa kwanza alikuwa ameambatisha picha ya skrini kuonyesha kazi yake. Majina ya wagonjwa watano yalisomeka, na vipimo walivyofanyiwa. Hapo tulimwondoa, na sikuona haja ya kujadili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, na huyu alizituma kwa watu asiowafahamu ili apate kazi. Vivyo hivyo anayejisifu kwamba alitunza majalada ya mtu fulani maarufu. Anayefaa ataandika mipaka: nani aliruhusiwa kuchukua jalada, ombi la polisi au bima lilipitia kwa nani, na kwamba alisaini kiapo cha kutunza siri. Nawe mkuu, hayo maombi 43 yana taarifa za watu. Usiyarushe kwenye kundi la WhatsApp la kamati.

Ukibakiza watano, waite na uwape kadi zenye namba wazipange kwa tarakimu za mwisho, kila mmoja peke yake. Zichanganye na hizi tatu: 12-08-31, 05-08-31 na 11-40-07. Ya 11-40-07 lazima itangulie, ifuatwe na 05-08-31, halafu 12-08-31. Asiyewahi kuufanyia kazi huo mfumo ataanza na 05. Kama mmoja wao ni wa serikalini niliyemtaja, mweleze kanuni mara moja kwanza, kisha uone kama anaishika.