Ile damu haikuwa ya joto

Jike langu, mbwa wa kienyeji wa kilo 18, alidondosha damu barazani hapa Sakina, Arusha, kwa wiki tano. Nikajiambia yuko kwenye joto. Duka moja la dawa za mifugo likaniuzia antibiotiki mara mbili, nami nikalipa bila kupiga hesabu: joto hukatika baada ya wiki tatu hivi, na yeye alikuwa amemaliza la kwake miezi miwili nyuma.

Daktari wa mifugo alivaa glavu, akafunua uke. Ndani palikuwa na kinyama chekundu chenye sura ya koliflawa, ukikigusa tu kinavuja damu. Akakibandikia slaidi ya kioo, akaiacha ikauke, akaipaka Gimsa, rangi ile ile ya kupimia malaria. Kisha akaniita nichungulie kwenye darubini. Niliona seli za mviringo, kila moja kivyake, zenye kiini kikubwa, na kukizunguka kiini, kwenye ubuluu hafifu, vitundu vyeupe vimejipanga kama shanga.

“Hizo shanga ndizo zinazoutaja: huu ni uvimbe wa zinaa wa mbwa, aina ya saratani,” akasema.

Kilichonishangaza ni kwamba hakuna kirusi hapo. Seli zenyewe ndizo ugonjwa: zilitoka kwa dume mgonjwa walipopandana, zikaota kwake kama mbegu. Mbwa anayenusa au kulamba uvimbe huo anaweza kuupata hata puani.

Nikamwomba akikate. Akakataa: seli chache zikibaki, kinaota tena. Akachagua vinkristini, dawa ya saratani, miligramu 0.025 kwa kila kilo, yaani 0.45 kwa huyu wangu, kwenye mshipa mara moja kwa wiki. Seli inapojigawa hujenga nyuzi za kuvutia kromosomu huku na huku. Dawa hiyo huzuia nyuzi zisijengeke, seli inakwama katikati na kufa. Uvimbe huu hujigawa kwa kasi, kwa hiyo unaumia sana, na kinga ya mbwa husaidia kumalizia.

Usikubali mbwa wako achomwe haraka haraka. Dawa ikivuja nje ya mshipa, nyama inaoza. Wetu aliweka kanula mpya, akapitisha maji ya chumvi kwanza kuona kama inapita, nami nikamshika mbwa asitikisike. Kila wiki alipima damu kabla ya sindano, maana dawa hushusha pia seli nyeupe. Wiki ya tatu zilikuwa chini ya 4,000 kwa mikrolita ya damu, tukaahirisha siku saba. Kwa siku chache baada ya kila sindano nilisafisha mkojo na kinyesi kwa glavu.

Damu ilikata baada ya sindano ya pili. Baada ya ya nne kinyama hakikuonekana. Akaongeza ya tano.

Dume la jirani bado linazurura na linajilamba mno. Nimeshamwambia mwenyewe mara mbili. Anasema ni joto la Januari.