Miligramu za kwenye pakiti ni za chumvi au za dawa yenyewe?

Msomaji anayemtunza mdogo wake mwenye kifafa ameniandikia. Kapsuli za fenitoini zimeadimika mjini kwao, duka limempa fenitoini ya maji, naye anauliza kama apime miligramu 300 zilezile za kila siku. Usipime hivyo, ndugu yangu. Miligramu 300 za kapsuli na miligramu 300 za chupa si dawa kiasi kimoja.

Dawa nyingi zikiwa peke yake haziyeyuki vizuri kwenye maji, au huharibika mapema. Kiwanda huziunganisha na kitu kingine, kama sodiamu, haidrokloraidi au fosfeti, zikawa chumvi. Kitu hicho kina uzito wake lakini hakitibu. Klorokwini inaonyesha jambo hili vizuri: kidonge chenye miligramu 250 za klorokwini fosfeti kina takriban miligramu 150 tu za klorokwini yenyewe, ile ambayo wafamasia huiita besi. Mia moja zilizobaki ni fosfeti.

Tatizo ni kwamba pakiti hazihesabu kwa namna moja. Siprofloksasini ya 500 ina miligramu 500 za besi, na chumvi iliyomo ndani ya kidonge ina uzito zaidi ya huo. Metformini ya 500 ni kinyume chake: 500 ni uzito wa haidrokloraidi, na metformini yenyewe ni kama 390. Kwa metformini huna haja ya kuhangaika, kwa sababu vipimo vyote vya daktari na vya viwanda vimezoea kuhesabu chumvi. Hatari huanza pale dawa moja inapouzwa kwa hesabu mbili, na hapo ndipo fenitoini ilipo.

Kapsuli ya miligramu 100 kwa kawaida ni fenitoini sodiamu. Ukiiondoa sodiamu, inabaki fenitoini miligramu 92. (Fenitoini kikemia ni asidi, kwa hiyo neno besi haliifai sana, lakini hesabu ni ileile.) Dawa ya maji ina fenitoini tupu, na chupa inayopatikana sana ina miligramu 30 katika kila mililita 5.

Tufanye hesabu ya mgonjwa wa kapsuli tatu kwa siku. Anapata 3 × 92, yaani miligramu 276 za fenitoini. Ukimpimia 300 kutoka kwenye chupa, utampa mililita 50, na umemzidishia miligramu 24. Ongezeko hilo halifiki asilimia 9, na kwa dawa nyingi lisingeonekana.

Fenitoini haisamehe. Ini huivunja kwa uwezo wenye kikomo, na dozi ya kawaida huwa tayari inakaribia kikomo hicho. Chukua mtu ambaye ini lake linaweza kuvunja miligramu 350 kwa siku, na linafikia nusu ya kasi hiyo dawa ikiwa miligramu 4 kwa lita ya damu. Kwa dozi ya 276, dawa kwenye damu yake itatulia karibu na miligramu 15 kwa lita, ndani kabisa ya kiwango kinachotakiwa cha 10 hadi 20. Kwa dozi ya 300, itapanda hadi 24. Dozi imeongezeka kidogo, dawa kwenye damu imepanda kwa zaidi ya nusu.

Tena haipandi siku hiyohiyo. Huchukua wiki moja hadi tatu, na ndiyo maana familia nyingi haziunganishi mabadiliko ya chupa na mgonjwa anayeanza kuyumba akitembea, kuongea kama mlevi, kusinzia, au macho kuchezacheza anapotazama pembeni. Ukiona hivyo, mpeleke hospitali na uombe kiwango cha fenitoini kwenye damu. Anayerudi kutoka chupa kwenda kapsuli bila kurekebisha dozi, dawa kwenye damu hushuka na degedege hurudi.

Kipimo cha kuanzia, kikithibitishwa na daktari wake, ni mililita 15 za chupa hiyo ya 30 kwa 5 mahali pa kila kapsuli moja ya 100. Hiyo ni miligramu 90, karibu sawa na 92. Soma lebo kwanza, maana zipo chupa zenye miligramu 125 katika mililita 5, na hapo mililita 15 zitakuwa sumu. Tikisa chupa vizuri kila mara, la sivyo dawa hutuama: za juu zinakuwa hafifu, na za mwisho wa chupa zinakuwa kali kupita kiasi. Pima kwa sirinji, usitumie kijiko cha chai.

Kwenye pakiti yoyote, tazama jina lililokaa jirani na namba. Ikiandikwa "fenitoini sodiamu miligramu 100", namba ni ya chumvi. Ikiandikwa chumvi kisha "sawa na" dawa fulani miligramu kadhaa, namba ni ya dawa yenyewe. Na kwenye daftari la kliniki mwombe daktari aandike jina zima pamoja na umbo lake: fenitoini sodiamu, kapsuli 3 za miligramu 100, si "fenitoini 300" peke yake.