“I am going tomorrow”: Kwa nini kesho inakubali “am going”?

*Mwalimu, nilimwandikia mkubwa wangu wa kazi hapa Goma: “I go to Bukavu tomorrow.” Akasahihisha: “I am going.” Lakini nilifundishwa kwamba “am going” ni kwa jambo linalotendeka sasa hivi. Mbona basi kwenye ratiba ya boti wanaandika “The boat leaves at 7:30 tomorrow”?*

Mkubwa wako yuko sawa, na ratiba nayo iko sawa. Kinachotuchanganya ni kwamba sisi tunasema “naenda” na Kifaransa “je vais”, na kila moja linatosha kwa leo, kesho na kila juma. Kiingereza kinataka uchague.

Kiswahili chetu cha Kivu kinakupa kipimo ambacho vitabu vya Dar es Salaam havina: ile “-ka” ya mwisho. Ukiweza kusema “naendaka Bukavu kila juma”, hiyo ni desturi, na Kiingereza chake ni “I go to Bukavu every week.” Sasa jaribu “naendaka Bukavu kesho”. Hakuna atakayekuelewa. Safari ya kesho si desturi yako, kwa hiyo “I go” inaanguka.

Kwa nini basi “am going”? Kwa sababu mpango umekwisha kuanza: umekata tiketi, umeomba ruhusa, mwenyeji wako ng’ambo ya ziwa anakungoja. Kwa Mwingereza, jambo lililopangwa namna hiyo ni kama tayari liko njiani. Ndiyo maana huwezi kusema “It is raining tomorrow”, maana mvua haina aliyepatana nayo, hapo utasema “It will rain” au “It is going to rain.” Na ukiamua safari papo hapo, mtu akikuuliza nani atapeleka mzigo, jibu ni “I’ll go.”

Boti je? “Boti inaondokaka saa moja na nusu”: ya kesho ni mojawapo ya zile zile, ndiyo maana “leaves”. Ila hapa “-ka” haifiki mbali. Mkutano wa mara moja tu, ukishaandikwa kwenye programu, nao husemwa “The meeting starts at nine tomorrow.” Kinachoangaliwa ni saa iliyowekwa na ratiba, hata kama jambo halirudii.

Kwa hiyo ujumbe wako ungeweza kuwa hivi: “I am going to Bukavu tomorrow. The boat leaves at 7:30.” Sentensi mbili, safari ileile, vitenzi viwili tofauti.

Jihadhari na “I am going to Bukavu every week.” Si kosa daima, ila msomaji ataelewa kwamba ni kwa kipindi hiki tu, labda kuna mradi utakaokwisha. Kama ndiyo kazi yako ya miaka yote, andika “I go”.